Shajara ya mradi: taka za usiku ukingoni mwa kijito, wiki ya 1 hadi ya 14

Eneo ni mwisho wa barabara ya vumbi katika mtaa mmoja wa Dar es Salaam, pale inapogota kwenye kijito kinachomwaga maji Mto Msimbazi. Upande mmoja kuna ukuta mrefu wa karakana, upande wa pili kiwanja kisichojengwa. Taa ya barabarani haipo. Gari linaweza kuingia kinyumenyume, likamwaga na kutoka bila kupita mbele ya mlango wa mtu. Mvua za masika zikinyesha, kila kilichomwagwa hapo huishia kwenye kalavati lililo mita 80 chini, kalavati likiziba maji huingia vyumbani.

Mradi unajaribu kuunganisha vitu vitatu ambavyo kila kimoja kimeshajaribiwa peke yake kikashindwa: faini, kamera na taarifa za wananchi. Kamera huona bila kujua aliyeonekana ni nani. Jirani humjua mtu lakini hana ushahidi. Faini ina nguvu ya sheria lakini haina pa kupelekwa. Karibu kila tatizo lililoandikwa hapa chini limetokea kwenye maungio ya hivyo vitatu.

Wiki ya 1: nani anamwaga, saa ngapi

Kabla ya kununua chochote, eneo limetazamwa usiku saba mfululizo. Watazamaji walikaa kwenye kibanda cha mlinzi wa karakana na daftari: saa, aina ya chombo, aina ya taka, alikotokea. Makundi ni matatu, na hayafanani hata kidogo.

Kuanzia saa 4 hadi saa 6 usiku huja mikokoteni na maguta. Hawa hubeba taka za nyumbani na za vibanda vya chakula: maganda, mifuko, trei za mayai, mabaki ya mkaa. Kuanzia saa 8 hadi saa 10 alfajiri ni zamu ya kirikuu na Kenta zenye kifusi. Saa 11 alfajiri hupita watu wa miguu wanaowahi kazini, kila mmoja na kiroba chake.

Ni kundi la pili tu lenye namba za usajili. Kamera ya kusoma namba haina la kufanya na mkokoteni. Anayeuza kamera hatakwambia hilo, na mitaa mingi huligundua ikiwa fedha imeshaisha.

Sababu ya kundi la kwanza imepatikana bila shida. Gari la taka hupita barabara kubwa mara mbili kwa wiki lakini haliingii vichochoroni, kwa kuwa haligeuki. Mwenye kibanda hawezi kulala na ndoo ya maganda siku tatu, kwa hiyo anampa kijana wa mkokoteni elfu moja au mbili na hataki kujua zinakokwenda. Kijana naye hana pa kuzipeleka zaidi ya kijitoni.

Wiki ya 2: karatasi kabla ya nguzo

Mtendaji wa mtaa ametoa nakala ya sheria ndogo za usafi wa mazingira za halmashauri. Sheria ndogo hizi hutungwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982, na haziwi na nguvu mpaka zitangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Kwa hiyo la kwanza ni kuipata namba ya Tangazo la Serikali na kuiandika juu ya kila fomu. Hati ya madai isiyotaja kifungu na namba ya tangazo ni barua tu.

Kifungu kinachofanya kazi kubwa zaidi si kile cha adhabu ya mahakamani bali cha kufifilisha kosa. Mkosaji akikiri kwa maandishi kwenye fomu iliyo mwishoni mwa sheria ndogo, afisa aliyeidhinishwa anaweza kumtoza kiasi kisichozidi kile kilichowekwa, na shauri likaishia hapo bila kwenda mahakamani. Asipokiri, lazima apelekwe mahakamani, na hapo ndipo picha mbovu hujulikana kuwa ni mbovu.

Kanuni ya pili imewekwa bila mjadala: hakuna fedha taslimu. Faini yoyote hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, ile watu wanayoiita kontro namba, benki au kwa simu, na risiti hubanwa kwenye faili. Mgambo akishika elfu ishirini mkononi, ameuza ruhusa ya kumwaga kesho.

Kuhusu picha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu kamera hizi moja kwa moja, maana uso wa mtu na namba ya gari lake ni taarifa binafsi. Kwa hiyo anayemiliki picha ni halmashauri na si kikundi cha mtaa. Bango limewekwa mita 30 kabla ya eneo, likisema eneo linarekodiwa, kwa sababu gani, na ofisi ya kuuliza. Milango miwili ya nyumba iliyoingia kwenye fremu imezibwa kwa kiraka cheusi ndani ya mipangilio ya kamera. Rekodi isiyohusu tukio hufutwa.

Wiki ya 3: jaribio la kamera, na kwa nini ile ya kwanza imerudishwa

Kamera ya kwanza ilikuwa ya kawaida ya sola, lenzi ya milimita 4, inayoamshwa na kihisi cha joto. Imeshindwa kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kihisi chenyewe. Kihisi cha namna hii hakioni mwendo, kinaona tofauti ya joto kati ya kitu na mazingira yake. Usiku wa Dar wenye nyuzi 28 na ukuta uliohifadhi jua la mchana, tofauti hiyo ni ndogo, na umbali unaoandikwa kwenye boksi hupungua sana. Kamera huchelewa pia kuamka, na rekodi huanza gari likiwa limeshapita. Usiku wa jaribio kirikuu kimeingia na kutoka, na kilichobaki kwenye rekodi ni vumbi. Tangu hapo kamera zinarekodi mfululizo kuanzia saa 1 jioni hadi saa 1 asubuhi.

Ya pili ni lenzi, na hapa hesabu inatosha. Kihisi cha picha cha kamera nyingi za bei ya kati kina upana wa karibu milimita 5.4. Upana wa eneo linaloonekana ni 5.4 zidisha umbali, gawanya kwa urefu wa fokasi ya lenzi. Kwa umbali wa mita 15 na lenzi ya milimita 4, kamera inaona upana wa mita 20. Picha ina nukta 1,920 kwa upana, yaani nukta 96 kwa kila mita. Kibao cha namba chenye upana wa nusu mita kinapata nukta 48, na herufi zake ni madoa. Kwa lenzi ya milimita 13.5, upana unashuka hadi mita 6, nukta zinapanda hadi 320 kwa mita, na kibao kinapata 160. Hapo kinasomeka.

Lakini kamera inayoona mita 6 haioni kitendo cha kumwaga. Kwa hiyo kamera ni mbili, na moja haiwezi kufanya kazi ya mwenzake: ya namba, yenye jicho jembamba, na ya kitendo, yenye jicho pana.

Wiki ya 4 na ya 5: kufunga

Kamera ya namba haikuwekwa kijitoni. Imewekwa mita 90 nyuma, penye tuta. Dereva akiwa na mzigo lazima apunguze mwendo hapo, apende asipende. Pia kijitoni kibao cha nyuma hakionekani: Kenta ikishusha bodi ya nyuma ili kumwaga, bodi hiyo hufunika namba. Kwenye tuta bodi imefungwa.

Kamera inatazama gari likiondoka, yaani kibao cha nyuma. Kibao cha mbele kimejaribiwa usiku mbili na taa za gari zimekimeza. Kimo ni mita 3, na pembe kati ya kamera na mstari wa gari haizidi nyuzi 30, kwani zaidi ya hapo herufi hubanana.

Mipangilio ndiyo iliyochukua muda. Kibao kinarudisha mwanga kama kioo, na kamera ikiachwa ijirekebishe yenyewe usiku hufungua shata kwa muda mrefu, kibao kikawa karatasi nyeupe isiyo na herufi. Mwendo nao huchangia: kwa kilomita 20 kwa saa gari husogea mita 5.6 kwa sekunde, na shata ya 1/25 humpa nafasi ya kusogea sentimita 22 fremu ikiwa wazi. Kwa 1/500 anasogea sentimita 1.1. Shata imefungwa kwa mkono kwenye 1/500 na taa ya infraredi imewashwa. Picha inayotoka ni nyeusi tititi yenye kibao kimoja kinachong'aa katikati. Mjumbe mmoja aliyeiona alidhani kamera imeharibika. Ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Taa za infraredi ziko za nanomita 850 na 940. Za 850 hufika mbali zaidi lakini huonekana kama vijinukta vyekundu gizani, za 940 hazionekani kwa macho. Kwenye tuta zimetumika za 850, kwa sababu siri haihitajiki, bango lipo. Hasara ni wadudu. Huzunguka kamera, buibui huwafuata, na utando mmoja mbele ya lenzi huwaka mweupe na kuifunika picha nzima. Kitambaa kikavu kwenye fimbo, kila Jumapili, na si zaidi ya hapo.

Umeme: kila kamera na modemu yake hula wastani wa wati 6, yaani saa-wati 144 kwa siku nzima. Paneli ya wati 60, kwa jua la saa 4 siku ya mawingu na upotevu wa asilimia 30, hutoa 168. Kwenye karatasi inatosha, lakini haiachi kitu cha kujazia betri iliyokwisha jana. Imewekwa ya wati 80, inayotoa 224, pamoja na betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampia-saa 30. Betri hiyo ikitumiwa hadi asilimia 80 hubeba siku mbili bila jua. Masika yana siku tatu bila jua. Hilo limekubaliwa kama pengo, kwa sababu betri kubwa zaidi juu ya nguzo ni mwaliko kwa mwizi.

Kadi ya gigabaiti 128, kwa megabiti 4 kwa sekunde, saa 12 kila usiku, hujaa kwa usiku sita kasoro kidogo. Kamera ya kitendo imeshushwa hadi megabiti 2 na inafika usiku 11. Ya namba imebaki 4. Kwa hiyo tukio lisipotolewa kwenye kadi ndani ya siku tano, halipo tena.

Wiki ya 6: taarifa, na usiku wa kuamkia lini

Taarifa zinakuja kwenye simu moja ya ofisi ya mtaa, si kwenye kundi la WhatsApp. Kundi lilikuwepo tangu zamani na lina kasoro mbili: kila mtu anaona namba ya aliyeripoti, na ndani yake wamo wenye Kenta. Sasa mtoa taarifa anatuma kwa namba moja, anajibiwa namba ya tukio, na jina lake linabaki kwenye daftari la mtendaji. Kwenye faili la kosa haliingii. Watoa taarifa wazuri kuliko wote ni wale ambao tayari wako macho: walinzi, wauza chipsi, bodaboda wa kijiweni. Wameombwa vitu vinne tu: saa, chombo, taka gani, na kilikoelekea. Wasimfuate mtu, wasipige picha kwa mwako, wasimsimamishe.

Kisha likajitokeza tatizo ambalo hakuna aliyelitarajia, la saa na siku. Mtu anaandika "saa nane usiku". Karani anaandika 08:00. Kamera inasema 02:00. Tukio moja limetafutwa kwenye rekodi ya saa mbili asubuhi siku nzima, wakati kamera hata hairekodi muda huo. Baya zaidi ni siku. Kwa mwenye umri mkubwa, "usiku wa Jumanne" ni ule unaotangulia Jumanne, maana siku yake huanza jua likizama. Kwa kijana, ni usiku unaofuata Jumanne. Hati moja ya madai imetoka na tarehe ya jana yake, mwenye gari akaleta ushahidi kwamba siku hiyo gari lilikuwa Morogoro, na hakuna wa kumbishia: kwa tarehe ile, alikuwa mkweli.

Fomu imeandikwa upya. Sehemu ya siku inasomeka "usiku wa kuamkia ______, tarehe ______", na saa huandikwa mara mbili: "saa 8 usiku (02:00)". Kamera zimewekwa majira ya UTC+3 na kurekebishwa kwa mtandao. Mtandao ukikatika siku kadhaa saa huanza kuteleza, kwa hiyo kila tukio linapotolewa, karani hupiga picha ya skrini ya kamera pembeni ya simu yake ili tofauti iandikwe.

Wiki ya 7: kufungua viroba

Kwa mikokoteni, ushahidi uko ndani ya taka. Asubuhi ya tukio, kabla ya saa 3, afisa afya wa kata na mtu mmoja wa mtaa hupiga picha ya rundo lote wakiwa wameweka fito ya mita moja kando, kisha hufungua viroba vitatu hadi vitano. Glovu ni zile nene za ngozi, na koleo la chuma hutangulia mkono, kwa sababu ya vioo na sindano. Rundo halilali hapo: huondolewa siku hiyohiyo au kesho yake, maana rundo likibaki huita mengine.

Kinachotafutwa ni karatasi. Risiti ya LUKU ina namba ya mita, na mita haihami. Risiti ya EFD huvutia lakini hudanganya: TIN iliyo juu ni ya muuzaji, na mnunuzi hutajwa pale tu alipotoa TIN yake. Mtu akikuta risiti ya duka la mafuta ya kula akakimbilia kumwandikia mwenye duka, amemkosea. Chenye thamani kuliko vyote kimekuwa boksi la mzigo uliosafirishwa kwa basi, lenye jina na namba ya simu vilivyoandikwa kwa kalamu nene ubavuni. Watu huchana karatasi, boksi hulikunja tu.

Madaftari ya watoto hayapigwi picha. Kikionekana cheti cha hospitali au dawa, kiroba hufungwa, na afisa afya anakichukua peke yake.

Karatasi moja haithibitishi kwamba mwenyewe ndiye aliyemwaga. Inatosha kumwita aulizwe alimpa nani taka zake. Wenye vibanda wanne walioitwa wiki hii wamemtaja kijana mmoja wa guta, kila mmoja bila kujua mwenzake amesema nini. Wote wanne wametozwa, kwa kuwa sheria ndogo inamwajibisha mzalishaji wa taka kuhakikisha zinafika panapostahili. Kijana hakutozwa. Ameandikishwa, amepewa kizibao chenye namba, na ameonyeshwa sehemu ya kukusanyia kandokando ya barabara kubwa ambako gari la taka hupakia. Kumtoza yeye kungeleta mwingine kesho, na maguta hayaishi mjini.

Wiki ya 8 na ya 9: tukio T-019, hatua kwa hatua

Usiku wa kuamkia Jumatano, saa 7:52 (01:52), mlinzi ametuma ujumbe: Kenta, kifusi, imeingia sasa hivi. Karani ameuona alfajiri.

Kamera ya kitendo inaonyesha gari likirudi kinyumenyume 01:48, wawili wakipakua kwa koleo, na kuondoka 01:59. Kamera ya namba inaonyesha kibao kikipita tutani 02:03. Kutoka kijitoni hadi tutani ni mita 90 tu, haiwezi kuwa dakika nne. Picha ya skrini imeonyesha kwamba saa ya kamera ya kitendo ilikuwa nyuma kwa dakika tatu na nusu. Tofauti hiyo imeandikwa kwenye maelezo kabla mtu yeyote hajaiuliza. Ikigunduliwa na upande wa pili, inakuwa utetezi.

Rundo limepimwa: urefu mita 3.2, upana 2.4, kimo 0.9. Rundo la kifusi hukaribia umbo la pia, kwa hiyo ujazo ni 3.14 zidisha nusu ya urefu, zidisha nusu ya upana, zidisha kimo, gawanya kwa 3: mita za ujazo 1.8. Kifusi kilicholegea ni kama tani 1.4 kwa mita ya ujazo, hivyo ni tani mbili na nusu. Kipimo hiki hujibu ile "nilimwaga ndoo mbili tu", na ndicho msingi wa gharama ya kuondoa inayodaiwa juu ya faini.

Kipande cha video kimetolewa bila kuibana upya, kikiachiwa dakika mbele na nyuma, na alama yake ikaandikwa hapohapo:

```
ffmpeg -ss 06:46:00 -i kitendo.mp4 -t 960 -c copy T-019.mp4
sha256sum kitendo.mp4 T-019.mp4 > T-019.txt
```

Rekodi huanza saa 1 jioni, kwa hiyo 06:46:00 ni 01:46 ya kamera. Mtu yeyote baadaye akiendesha `sha256sum -c T-019.txt` atajua kama faili limeguswa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa namna hii, lakini huangalia jinsi ulivyotunzwa. Video inayopita WhatsApp kwa kawaida hubanwa upya na alama yake haiwezi kulingana na ile ya asili. Ndiyo sababu kipande hiki hakikutumwa kwa mtu yeyote kwa simu, ingawa kimeombwa sana.

Barua ya kuomba jina la mwenye gari imekaa siku tisa kabla ya kujibiwa. Jina lililotoka ni la mtu aliyeuza gari zamani bila kubadilisha kadi, na hili ni la kawaida mno hivi kwamba sasa hati ya kwanza haimtuhumu mtu kosa. Inamtaka mwenye jina aseme gari lilikuwa mikononi mwa nani usiku ule. Ameleta mkataba wa mauzo. Mnunuzi ameleta dereva. Dereva ametaja nyumba inayokarabatiwa mtaa wa jirani, na vigae vilivyo kwenye picha ya rundo vimelingana na vilivyobaki uani. Mmiliki wa gari na mwenye nyumba wamekiri kwa maandishi, kila mmoja amepewa kumbukumbu namba yake, na wamelipa. Kuanzia usiku ule hadi risiti ni siku 16.

Wiki ya 10: ukubwa wa faini

Kikao kimependekeza kiwango kipandishwe. Hesabu haiungi mkono. Tuseme dereva anaokoa shilingi 40,000 kwa safari kwa kutokwenda dampo la Pugu Kinyamwezi: mafuta, muda, ushuru. Faini ikiwa 200,000, kumwaga kunamlipa alimradi anakamatwa chini ya mara moja katika safari tano. Kuipandisha hadi 400,000 kunabadilisha kitu iwapo tu anakamatwa kweli. Kabla ya kamera hakuwa anakamatwa kabisa, na sifuri zidisha lolote ni sifuri. Bora zipunguzwe zile siku tisa za barua: halmashauri imeombwa imteue mtu mmoja wa kupokea maombi yote.

Imependekezwa pia mtoa taarifa apewe sehemu ya faini. Imekataliwa, kwa mradi huu. Fedha ikiingia, jina lake litaingia kwenye karatasi za malipo, na watatokea wa kumwaga na kuripoti wenyewe.

Wiki ya 11 hadi ya 13: rundo limehama

Kijitoni pametulia. Lakini tangu wiki ya 9 hesabu inafanywa kwa miguu kila Jumatatu ndani ya duara la mita 500, na bila hesabu hiyo ripoti hii ingekuwa ya furaha. Rundo jipya la kifusi limeota nyuma ya ukuta wa karakana, mita 300. Maguta hayakuhama, kwa sababu yana pa kwenda. Kenta zimehama, kwa sababu hazina.

Nguzo ya pili imesimikwa huko bila kamera, ikiwa na sanduku tu, na kamera ya kitendo inahamishwa kati ya nguzo mbili kila wiki kwa siku isiyotabirika. Sanduku tupu pekee lilijaribiwa na limedumu siku 12 kabla ya mtu kumwaga chini yake. Njia ya kwenda huko haina tuta, na ombi la tuta liko kwa mhandisi.

Kwa wajenzi, mtendaji sasa anauliza swali moja anapopelekewa fundi anayeanza ukarabati: kifusi kitabebwa na nani, kwenda wapi. Jibu linaandikwa na kusainiwa. Mafundi watatu wameuliza kama wanaweza kukimwaga kwenye mashimo ya barabara ya mtaa. Kifusi safi cha matofali na zege kinafaa kwa hilo, vigae na jipsamu havifai.

Wiki ya 14

Betri ya kamera ya namba imezima usiku wa tatu wa mvua, kama hesabu ya wiki ya 5 ilivyosema. Usiku huo taarifa moja ya kirikuu imekuja na haina picha. Imefunguliwa kama T-031, ina mashahidi wawili na boksi moja la basi lenye namba ya simu. Mwenye namba ameitwa Alhamisi.

Yaliyobaki wazi: jibu la mhandisi kuhusu tuta, barua mbili za usajili zenye siku sita na nne, na kalavati. Limezibuliwa Jumamosi. Vilivyotoka ndani ni vya zamani, vya kabla ya mradi, na bado upande wa juu haujafikiwa.